Uzi: Barafu inayoelea ikiyeyuka, maji yanapanda, yanashuka au yanabaki palepale? Na ikiwa na jiwe ndani?

#1 KomboMtoni

Wakuu, salaam. Leo kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, nimeona nilete huku kwa wajuzi.

Glasi ina maji, na juu inaelea barafu. Unachora mstari kwa kalamu pale maji yalipofika. Barafu ikishayeyuka yote, maji yatakuwa juu ya mstari, chini yake, au palepale? Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililoleta kelele: barafu ileile, ila ndani yake kumegandishwa jiwe, na bado inaelea. Ikiyeyuka, mstari unasemaje?

Watu wawili walisema yanapanda, mmoja akasema yanabaki, na muuza kahawa akasema inategemea. Alipoulizwa inategemea nini akaanza kuosha vikombe.

#2 Chaupele

Barafu ikiyeyuka inakuwa maji. Maji yakiongezwa maji yanapanda. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu wa Zamani

Uzi usifungwe. Hili nimelifundisha miaka mingi na kila darasa lina Chaupele wake.

Kitu kinachoelea kinachimba shimo ndani ya maji. Ukubwa wa shimo hilo hauamuliwi na ukubwa wa kitu, unaamuliwa na uzito wake: maji yaliyosukumwa pembeni yana uzito uleule wa kitu chote, pamoja na sehemu iliyo juu hewani. Ndivyo alivyoonyesha Archimedes wa Sirakusa. Sasa barafu ya gramu 100 imechimba shimo la maji ya gramu 100. Ikiyeyuka inakuwa maji ya gramu 100, yanajaza shimo lilelile bila kubaki wala kupungua. Mstari haubanduki.

Penye jiwe, maji yanashuka. Jiwe likiwa ndani ya barafu linabebwa, kwa hiyo linasukuma maji kwa uzito wake. Likidondoka chini linasukuma maji kwa ukubwa wake tu, na jiwe ni zito kuliko ukubwa wake. Litakapochomoka, utaona maji yameshuka kwa mkupuo. Barafu tupu: palepale. Yenye jiwe: yanashuka ghafla. Mengine ni kelele.

#4 Chaupele

Mwalimu, shikamoo. Lakini kuna sehemu ya barafu iko juu, tunaiona kwa macho, haimo ndani ya maji. Hiyo ikiyeyuka inaingia ndani ya maji. Iliingia wapi kama mstari haujapanda?

#5 Mama Silinda

Mimi natunza maabara ya shule, kazi yangu ni mizani na vyupa. Chaupele ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani.

Chukua maji gramu 100, yaani mililita 100. Yagandishe. Uzito ni uleule gramu 100, ila sasa yamevimba na kufika mililita 109 hivi. Ndiyo maana chupa ya soda ukiisahau kwenye friza inapasuka. Iweke hiyo barafu ndani ya maji: mililita 100 zinazama, 9 zinabaki juu. Hizo 9 unazoziona ndizo zilezile ilizovimba wakati wa kuganda. Ikiyeyuka inasinyaa, inarudi kwenye mililita 100. Kwa hiyo ile sehemu ya juu haiendi popote, ni ule uvimbe unaopotea.

Kuhusu jiwe, mwalimu yuko sawa kwamba maji yanashuka. Hilo la mkupuo nalisubirisha kwanza.

#6 MajiBaridiStendi

Samahani wakubwa, nadharia yenu haijawahi kufika stendi. Mimi nauza maji na soda. Asubuhi naweka chupa kwenye ndoo kubwa, namimina maji kidogo, kisha navunja bonge la barafu najaza mpaka linapanda juu ya ukingo. Kufika saa sita ndoo imefurika, maji yanaingia kwenye viatu vya abiria. Kama barafu ikiyeyuka maji hayapandi, nani ananimwagia?

#7 Chaupele

Naam! Shahidi amefika.

#8 Mama Silinda

Barafu yako haielei, mdogo wangu. Umeirundika. Imekaa juu ya chupa, na chupa zimekaa juu ya kitako cha ndoo. Uzito wake unabebwa na plastiki. Hapo kila tone linaloyeyuka kutoka juu linakuja kama maji mapya, na lazima yapande.

Jaribu hivi. Ingiza mkono, usukume bonge chini kidogo kisha uliachie. Likirudi juu lenyewe likicheza, hilo linaelea. Likigoma au likakwaruza chupa, limekalia kitu. Hata kwenye glasi ni hivyohivyo: maji yakiwa kidogo na barafu ikagusa kitako, maji yatapanda mpaka barafu ipate kina cha kuelea, na kuanzia hapo hayapandi tena.

#9 MajiBaridiStendi

Sawa. Kwa hiyo niongeze maji asubuhi ili ielee, halafu hayatafurika?

#10 Mama Silinda

Ukiongeza maji mpaka barafu yote ielee na ndoo bado haijamwagika, basi haitamwagika mchana kwa sababu ya kuyeyuka. Ila chupa ukizitoa maji yatashuka, na ukirudisha za moto yatapanda. Hilo ni jambo lingine.

#11 KomboMtoni

Wakuu, nimerudi na ripoti. Nimechukua kile kisahani cha kugandishia vipande vya barafu, nikaweka kokoto moja kwenye kila shimo, nikajaza maji, nikagandisha. Nimetoa kipande, nikakitia kwenye glasi, kimezama moja kwa moja. Cha pili kimezama. Vyote vinazama! Sasa hilo jiwe linaloelea ndani ya barafu mmeliona wapi?

#12 Chaupele

Wameliona kwenye mtihani.

#13 Mama Silinda

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu swali linasema "inaelea" kana kwamba ni jambo dogo.

Barafu ni dhaifu sana kubeba mzigo. Tumeona mililita 109 za barafu zina uzito wa gramu 100. Nguvu yake ya ziada, ile inayoweza kumbebea mwingine, ni gramu 9 tu. Kwa hesabu ya mkono: kila mililita 100 za barafu zinabeba mzigo wa gramu 8 na kidogo, basi.

Jiwe nalo lina nafuu yake ndani ya maji. Kokoto ya kawaida ina gramu 2.7 kwa kila mililita. Jiwe la mililita 20 lina gramu 54 mizani ikiwa kavu, ila likizamishwa linasukumwa juu na maji ya gramu 20, kwa hiyo linavuta chini kwa gramu 34. Hizo 34 ndizo barafu inatakiwa kuzibeba. Gawanya: unahitaji barafu ya karibu mililita 410. Yaani barafu iwe mara ishirini ya jiwe kwa ukubwa, ndipo ianze kuelea.

Kipande cha kisahani chako kina kama mililita 25. Kinaweza kubeba jiwe la gramu 3 na kidogo, punje ya harage. Kokoto yako bila shaka ni kubwa kuliko hapo.

Hata hivyo, kipande kilichozama nacho kina jibu lake. Kikiwa chini kinasukuma maji kwa ukubwa wake wote, pamoja na ule uvimbe wa barafu. Kikiyeyuka uvimbe unapotea, kwa hiyo maji yanashuka kidogo. Kwa mililita 25 za barafu yanashuka mililita 2. Kwenye glasi hutaona kitu.

#14 Mwalimu wa Zamani

Mama Silinda, swali limesema inaelea. Mwanafunzi hatakiwi kuuliza kama inaweza kuelea. Anatakiwa kujibu alichoulizwa.

#15 Mama Silinda

Kwenye karatasi nakubali, mwalimu. Ila Kombo hana karatasi, ana glasi.

#16 NahodhaMdogo

Mimi niko Mombasa, huku hili tunalijua bila barafu. Mtumbwi uko kwenye bwawa dogo, ndani yake nanga ya jiwe. Ukiitupa nanga majini, maji ya bwawa yanashuka. Ikiwa mtumbwini, nanga inaulemeza mtumbwi na kusukuma maji kwa uzito wake wote. Ikilala chini inasukuma nafasi yake tu. Barafu ni mtumbwi unaoyeyuka, hakuna zaidi. Na mtumbwi ukijaa maji ukazama na nanga yake, pia bwawa linashuka.

#17 KomboMtoni

Nahodha umenifungua. Mama Silinda, nipe basi namna ya kutengeneza barafu kubwa yenye jiwe. Nikiweka jiwe kwenye kopo la maji linakwenda kukaa chini, kwa hiyo linagandia pembeni, haliko ndani.

#18 Mama Silinda

Ndiyo, na hilo la pembeni lina maana kubwa, tutalirudia.

Tafuta kopo la kama lita moja. Mimina maji mililita 250, gandisha mpaka yakaze. Weka jiwe katikati juu ya hiyo barafu. Ongeza mililita 250 nyingine, ziwe zimeshapozwa kwenye friji ili zisiyeyushe za chini, kisha gandisha tena usiku kucha. Usijaze mpaka juu, acha nafasi ya kuvimba.

Jiwe lipime kabla. Uzito kwa mizani ya jikoni, ukubwa kwa kulizamisha kwenye jagi lenye alama na kuangalia maji yamepanda mililita ngapi. Usichukue jiwe lenye matundu, litakunywa maji na kukuharibia hesabu.

Chombo cha kupimia kiwe cheupe kinachoonyesha, pande zimenyooka. Yale makopo makubwa ya pipi za dukani yanafaa. Likiwa na upana wa ndani wa sentimita 11 na kidogo, kila mililita 10 ni milimita moja ya kina. Bandika rula nje kwa selotepu. Soma jicho likiwa sawa na maji, na usome sehemu bapa ya katikati, maana maji hujikwea kidogo ukingoni.

Na maji ya kwenye kopo yawe yameshapozwa na barafu nyingine, ukaitoa. Ukianza na maji ya bomba ya Dar ya nyuzi 28, lita moja yakipoa yanasinyaa karibu mililita 4. Hiyo ni karibu nusu milimita isiyohusiana na jiwe.

Kabla ya kuanza nakuandikia ninachotegemea. Jiwe gramu 54, mililita 20. Barafu gramu 500. Maji lita moja. Mwanzoni vinavyoelea vina gramu 554, kwa hiyo vinasukuma mililita 554. Jumla 1,554, rula isome sentimita 15.5. Mwishoni una maji lita moja, na nusu lita iliyoyeyuka, na jiwe la mililita 20. Jumla 1,520, rula isome 15.2. Kushuka ni milimita 3 na nusu hivi.

#19 Chaupele

Milimita tatu! Watu wameacha kahawa ipoe kwa milimita tatu.

#20 KomboMtoni

Matokeo, wakuu. Jiwe langu limekuwa karibu sana na la Mama Silinda, nimelisaga pembe kidogo kwenye sakafu mpaka likakaribia gramu 54.

Barafu imeelea kwa taabu. Kilichokuwa juu ya maji ni kama ganda tu, inaonekana imechoka. Nimechora mstari. Imeyeyuka, imeyeyuka, mstari haujabadilika kabisa. Nikasema hapa sasa nasubiri jiwe lidondoke.

Jiwe halikudondoka. Bonge lote, barafu na jiwe lake ndani, lilianza kuzama polepole kama linaaga, likakaa chini. Nikakimbilia rula: mstari uko palepale! Hapo nikataka kuja kumtukana mtu humu.

Nikaacha. Baada ya hapo ndipo maji yakaanza kushuka, taratibu sana, bonge likiwa limelala chini linayeyuka. Kisha jambo ambalo sikulitegemea: jiwe lilikuwa upande wa chini, barafu ilipokonda ikaachana nalo, ikachomoka na kuruka juu ikaelea. Na ilipoibuka, maji yakashuka tena kidogo, safari hii kwa ghafla! Nimeangalia mara mbili. Mwisho yamekaa chini ya mstari kwa milimita tatu na ushee.

Sasa nielezeni. Jiwe lilishazama, maji hayakushuka. Barafu imepanda juu, maji yameshuka. Hii dunia imegeuzwa?

#21 Mwalimu wa Zamani

Kombo, hujaangalia vizuri. Mimi nimelionyesha darasani kwa barafu yenye jiwe, na darasa zima liliona maji yakishuka kwa mara moja jiwe lilipodondoka. Kushuka polepole hakuna msingi.

#22 Mama Silinda

Mwalimu, uliona sawa. Kombo naye ameona sawa. Barafu zenu hazikuwa za aina moja.

Nitaanza na ya Kombo. Kinachoshikilia mstari ni kuelea. Muda wote ambao bonge linaelea, linasukuma maji kwa uzito wake, na kilichoyeyuka kimeshakuwa maji kwa uzito wake, kwa hiyo jumla haibadiliki hata tone. Barafu ilianza na gramu 500. Ilipofika karibu 376, ambazo ndizo zile mililita 410, nguvu ya kubeba ikawa imeisha. Katika sekunde hiyo bonge lina uzito sawasawa na maji ya ukubwa wake. Limeshazama lote mpaka utosini, hakuna kilicho juu. Likishuka chini linaondoka na ukubwa uleule kutoka juu kwenda chini. Maji yatashuka kwa sababu gani? Ndiyo maana rula yako haikusema kitu.

Likishalala kwenye kitako, sheria inabadilika. Sasa linahesabiwa kwa ukubwa. Kila mililita 100 za barafu zinazoyeyuka pale chini zinaacha maji mililita 92 hivi, na 8 zinapotea. Mililita 410 zikiyeyuka zote, zinapotea 34. Na 34 ndiyo tofauti ya jiwe tuliyoihesabu mwanzo, uzito wake ukitoa ukubwa wake. Hesabu mbili zimetoka njia tofauti zimekutana, na hazikukutana kwa bahati: bonge lilipozama ndipo mzigo wa jiwe na uvimbe wa barafu vilipokuwa sawa.

Ile ya kuchomoka nayo ni hivyohivyo. Tuseme ilichomoka ikiwa imebaki mililita 200. Chini ilikuwa inashika nafasi ya mililita 200. Ilipofika juu inaelea, ikatoa kichwa nje, ndani ya maji ikabaki na 183. Mililita 17 za nafasi zimetoka majini mara moja, karibu milimita mbili za kopo lako. Barafu ililipa deni lililobaki kwa mara moja badala ya kidogokidogo.

Sasa ya mwalimu. Nadhani barafu yako iligandishwa mara moja, jiwe likatua kwenye kitako cha kopo na kushikwa upande mmoja tu. Hiyo, jiwe linaachia mapema barafu ikiwa bado kubwa na inaelea. Jiwe linakwenda chini peke yake, barafu inaruka juu, na zile mililita 34 zote zinashuka kwa mkupuo. Jiwe lililo katikati haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu kwenye kuzama bado limezungukwa na barafu mara ishirini ya ukubwa wake. Halina mlango wa kutokea.

Mwisho wa yote mstari unafika palepale kwa njia yoyote.

#23 Mwalimu wa Zamani

Barafu yangu iligandishwa mara moja, ndiyo. Lakini swali la mtihani huuliza mwisho, na mwisho ni kushuka. Nani atamuuliza mtoto jiwe limekaa upande gani?

#24 KomboMtoni

Mtoto mwenyewe atajiuliza, mwalimu, akijaribu nyumbani.

#25 Ndugu Hesabu

Nasoma tangu mwanzo, nina jambo. Mimi nimefanya la barafu tupu, kwenye glasi nyembamba, na kila nikifanya maji yanamaliza juu ya mstari, kidogo sana, chini ya milimita. Niliyaacha mpaka yakarudi kwenye joto la chumba. Kusinyaa kwa baridi kungeyashusha, siyo kuyapandisha. Na barafu ilikuwa inaelea, haikugusa kitako.

#26 Mama Silinda

Uko pwani?

#27 Ndugu Hesabu

Tanga.

#28 Mama Silinda

Basi naanza kushuku hewa yenu. Ule unyevu unaotoa jasho nje ya glasi baridi unatua pia juu ya barafu na juu ya maji yenyewe, na huo unaingia ndani. Jambo la pili, mstari wa mwanzo uliuchora na maji yakiwa na joto gani? Ukichora baada ya barafu kukaa dakika kadhaa, maji yameshapoa na kusinyaa. Yakija kupata joto la chumba yanavimba na kupita mstari, bila kosa la barafu.

Funika glasi kwa karatasi ya plastiki, kisha uipime kwenye mizani kabla na baada. Ukifuta nje vizuri na uzito ukaongezeka, ni unyevu.

#29 Ndugu Hesabu

Mizani yangu inasoma gramu moja moja, haitoshi kwa hilo. La joto naweza kulikubali, la unyevu sijashawishika. Maji yakipata joto yanapukutika hewani pia, kwa nini kilichoingia kisitoke?

#30 Mama Silinda

Yanaweza kutoka, ukiyaacha muda mrefu. Sijui glasi yako ilikaa kiasi gani, kwa hiyo sitabisha.

#31 MdauWaBahari

Kama barafu inayoelea haipandishi maji, mbona tunaambiwa barafu za ncha zikiyeyuka bahari itapanda? Kuna mtu anatudanganya.

#32 NahodhaMdogo

Inayopandisha ni ile iliyoko nchi kavu, ndugu. Barafu ya Grinilandi imekalia ardhi, inafanana na ndoo ya stendi. Ikiyeyuka yote bahari itapanda kama mita 7. Ile inayoelea tayari imeshasukuma maji yake.

#33 Mama Silinda

Karibu yote, nahodha. Barafu ya baharini ina chumvi kidogo mno, na milima ya barafu ni maji yasiyo na chumvi kabisa, ila inaelea kwenye maji ya chumvi. Maji ya bahari ni mazito, lita ina kama kilo 1 na gramu 25. Barafu ya kilo moja inahitaji kusukuma mililita 976 tu za maji hayo ili ielee, lakini ikiyeyuka inatoa mililita 1,000. Zinabaki 24 za ziada. Kwa hiyo kwenye maji ya chumvi yanapanda kweli, kidogo. Kombo anaweza kuliona kwa kukoroga chumvi nyingi kwenye kopo lake, tofauti itakuwa kubwa zaidi.

#34 MdauWaBahari

Hata nikikoroga maji yote mwishoni? Chumvi na maji vikichanganyika ujazo hubadilika kidogo, niliwahi kusikia.

#35 Mama Silinda

Hubadilika, ila kwa kiasi kidogo kuliko hizo 24. Kwa kopo la pipi sina rula ya kukuonyesha.

Na kwa wanaodhani jiwe ndani ya barafu ni la mitihani tu: barafu ya nchi kavu hukwangua ardhi na kubeba mawe, kisha hukatika na kuelea baharini nayo. Mwaka 1988 mtafiti Mjerumani, Hartmut Heinrich, aliandika kuhusu matabaka ya mawe na changarawe kwenye sakafu ya Atlantiki ya Kaskazini, mbali kabisa na pwani. Hakuna mto unaoweza kufikisha kokoto huko. Zilidondoshwa na barafu zikiyeyuka safarini.

#36 Chaupele

Swali la mwisho kabla sijalala. Badala ya jiwe nikiweka misumari ya gramu 100, na mwingine akaweka kizibo cha mti?

#37 KomboMtoni

Hiki nakijibu mimi. Kizibo kinaelea ndani ya barafu na kinaelea bila barafu, kwa hiyo mstari haubanduki. Misumari inazama, maji yanashuka. Kwa kiasi gani, namwachia mama.

#38 Mama Silinda

Vizuri. Chuma kina gramu 7.8 kwa mililita, kwa hiyo gramu 100 za misumari ni kama mililita 13. Toa kwenye 100, zinabaki 87. Maji yatashuka mililita 87, wakati jiwe la uzito huohuo lingeyashusha 63 tu. Ila kuielea hiyo misumari unahitaji zaidi ya lita moja ya barafu, na kopo la pipi halitatosha. Tafuta ndoo, na mkopeshe MajiBaridiStendi viatu vikavu.